Kutoka mita za ukuta hadi ratiba ya kikosi: kukadiria saa za kazi ya matofali

Ukimwuliza fundi wa matofali hapa Tororo kuta za madarasa mawili zitachukua siku ngapi, mara nyingi atautazama msingi, atanyamaza kidogo, kisha atajibu, "Wiki mbili, mzee." Huenda asikosee, kwa kuwa amejenga kuta nyingi na jicho lake limezoea. Shida ni kwamba jibu hilo halisemi wiki hizo ni za mafundi wangapi na vibarua wangapi, wala halisemi litabadilika vipi ukiongeza watu au mvua ikianza. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kupata jibu linaloweza kufunguliwa na kukaguliwa, kwa kufuata kazi moja tu mwanzo hadi mwisho: kuinua kuta za matofali ya kuchoma kuanzia juu ya sakafu ya msingi hadi chini ya linta. Msingi, linta yenyewe, paa na lipu vina hesabu zao na sitavigusa.

Kipimo tutakachotumia ni saa ya mtu, yaani mtu mmoja akifanya kazi kwa saa moja. Mafundi 3 wakifanya kazi siku nzima ya saa 8, umetumia saa 24 za mtu. Saa za mafundi na saa za vibarua, wale ambao wengi nchini Uganda huwaita mapota, zihesabiwe mbali mbali tangu mwanzo. Ukizichanganya, utapata jumla nzuri na kikosi kibaya, kwa sababu fundi asiyeletewa mota hajengi, na kibarua mwenye mota hajengi badala ya fundi.

Hatua ya kwanza: pima ukuta utakaojengwa kweli

Jengo la mfano wetu lina madarasa mawili yaliyopangwa kwa mstari, kila moja likiwa na mita 8 kwa mita 6 kwa ndani, na kuta zake zina unene wa sentimita 23. Kuta ndefu ni mbili, na kila moja ina urefu wa mita 16.69, kwa maana ya mita 8 mara mbili pamoja na unene wa kuta tatu za kukata, zile zinazopita kwa upana wa jengo. Kuta za kukata ni tatu, kila moja mita 6. Jumla ni mita 51.38 za ukuta. Angalia kwamba pembe hazikuhesabiwa mara mbili: kuta ndefu zimechukua pembe zote, na kuta za kukata zimepimwa kwa ndani tu. Kosa la kupima kila ukuta kwa nje ni dogo katika jengo moja, lakini hukua haraka penye vyumba vingi vidogo.

Kimo hadi chini ya linta ni mita 2.7, kwa hiyo eneo lote ni mita za mraba 138.7. Sasa toa nafasi zilizo wazi. Madirisha ni 8, kila moja mita 1.5 kwa 1.5, yakianzia mita 1.2 kutoka sakafuni na kufika kwenye linta, nayo yanatoa mita za mraba 18. Milango ni 2, upana mita 1.2, nayo pia inapanda hadi linta kwa sababu ina matundu ya hewa juu, hivyo inatoa mita za mraba 6.5. Kinachobaki ni mita za mraba 114.

Usiishie hapo. Ukuta wa chini na ukuta wa juu si kazi moja. Hadi kimo cha kifua fundi husimama chini, matofali yako pembeni mwake na mota iko miguuni; kupita hapo anapanda jukwaa na kila kitu kinapandishwa kumfuata. Kwa hiyo nagawa kuta hizi katikati, kwenye mita 1.35. Sehemu ya chini, ambayo madirisha yameigusa kidogo tu, ina mita za mraba 64. Sehemu ya juu, ambayo madirisha yameila sana, ina mita za mraba 50. Mgawanyo huu unalingana pia na kanuni ya kazi yenyewe, kwamba ukuta usipandishwe zaidi ya mita 1.2 hadi 1.5 kwa siku moja, kwa sababu mota mbichi ya chini huminywa na uzito wa juu, na ukuta ukaanza kuvimba au kuacha timazi.

Hatua ya pili: tafuta kasi ya kikosi chako

Hii ndiyo hatua inayobeba makadirio yote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Vitabu vya makadirio vina majedwali ya kasi, lakini majedwali hayo yameandikwa kwa tofali la kiwandani lenye pembe nne sawa. Tofali letu la kuchoma hutofautiana kutoka tanuri hadi tanuri. Moja limepinda, jingine limevimba, na fundi hulazimika kuligeuza mara mbili kabla ya kulilaza. Kiungo cha mota huwa kinene ili kufidia. Kwa tofali la sentimita 23 kwa 11 kwa 7.5 lenye kiungo cha sentimita 1.5, ukuta wa unene huu hula matofali kama 90 kwa mita ya mraba, na kwa jengo letu hiyo ni takriban 10,260 kabla ya kuongeza yatakayovunjika. Tofali la tanuri lako likiwa dogo zaidi, idadi hupanda, na saa hupanda pamoja nayo. Pima tofali lako kwanza.

Kasi niitumiayo hapa niliipata kwa kusimama na daftari kwenye kazi nyingine iliyotangulia, yenye tofali la aina hiyo hiyo na mafundi wale wale. Kikosi kilikuwa cha mafundi 3 na vibarua 4. Siku tatu za ukuta wa chini walijenga mita za mraba 48. Saa za mafundi zilikuwa 3 mara 8 mara 3, yaani 72. Ukizigawa kwa 48 unapata saa 1.5 za fundi kwa kila mita ya mraba. Saa za vibarua zilikuwa 96, lakini siku ya tatu lori la matofali lilifika na takriban saa 10 kati ya hizo zilikwenda kwenye kupakua. Nilizitoa, kwa kuwa kupakua lori si kujenga ukuta na siku nyingine lori halipo. Zilibaki 86, sawa na saa 1.8 za kibarua kwa mita ya mraba.

Siku tatu nyingine, sasa wakiwa juu ya jukwaa, walijenga mita za mraba 40. Mafundi walitumia saa 72, yaani 1.8 kwa mita ya mraba. Vibarua walitumia 96, yaani 2.4. Tazama tofauti hiyo: jukwaa lilimwongezea fundi saa kwa sehemu ya tano, lakini lilimwongezea kibarua kazi kwa theluthi nzima. Sababu yake inaonekana kwa macho. Chini, kibarua husukuma toroli hadi kwa fundi na kulimwaga. Juu, mmoja hurusha matofali mawili mawili, mwenzake huyadaka, na mota hupanda kwa karai moja moja. Mtu aliyekuwa anahudumia peke yake sasa anahitaji mwenzake.

Jambo moja lichungwe sana. Saa nilizozigawa ni saa zinazolipwa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni ukitoa saa moja ya chakula. Chai ya saa 4, kusubiri maji na kunyoosha uzi vyote vimo ndani yake. Kwa hiyo siongezi tena asilimia ya uvivu au ya mapumziko juu ya kasi hiyo. Aliyepima kwa saa ya mkononi dakika ambazo mwiko unatembea tu, huyo lazima aongeze. Aliyepima siku nzima akiongeza, amehesabu kitu kimoja mara mbili.

Hatua ya tatu: zidisha, kisha ongeza kazi zisizo ukuta

Mafundi: mita 64 za chini kwa saa 1.5 ni saa 96, na mita 50 za juu kwa saa 1.8 ni saa 90. Jumla 186. Vibarua: 64 kwa 1.8 ni saa 115, na 50 kwa 2.4 ni saa 120. Jumla 235.

Baada ya hapo zinakuja kazi ambazo hazionekani kwenye mita za mraba, lakini ukuta hausimami bila hizo. Kupanga kona kwa uzi, kukagua mraba wa vyumba na kulaza kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini kabisa wa matofali, huchukua mafundi wawili siku nzima, na vibarua wawili pamoja nao: saa 16 na 16. Kusimamisha fremu mbili za milango na kuzitegemeza ni saa 8 za fundi na 4 za kibarua. Kufunga jukwaa la miti ni saa 8 za fundi na 24 za vibarua. Kumwagilia kuta zilizokwisha kujengwa, asubuhi na jioni, na kulowesha matofali ya kesho, ni saa 2.5 za kibarua kila siku, kwa hiyo 25 kwa siku kumi. Kulowesha kusidharauliwe: tofali kavu hunyonya maji ya mota kabla haijashika, na fundi hulijua mara moja kwa sababu tofali hukataa kusogea akiligonga na mpini wa mwiko.

Jumla sasa ni saa 218 za mafundi na saa 304 za vibarua, yaani 522 za mtu kwa pamoja. Kazi hizi za pembeni zimeongeza saa 101. Wakati fulani niliwahi kukadiria nyumba ya mwalimu kwa mita za mraba peke yake, nikaona siku saba, na siku ya saba tulikuwa bado tunafunga jukwaa. Mafundi walikuwa wazuri na mchanga ulikuwapo. Saa zilizokosekana sikuwa nimeziandika mahali popote.

Hatua ya nne: chagua ukubwa wa kikosi

Gawa 304 kwa 218, upate 1.4. Maana yake kila fundi anahitaji kibarua mmoja na karibu nusu. Huwezi kuajiri nusu ya mtu, basi tafuta namba nzima zinazokaribia: mafundi 3 kwa vibarua 4, au 5 kwa 7. Kikosi cha 3 kwa 4 kina saa 24 za fundi na 32 za kibarua kwa siku. 218 kwa 24 ni siku 9.1, na 304 kwa 32 ni siku 9.5. Pande zote mbili zinaishia karibu pamoja, na hiyo ndiyo dalili kwamba uwiano umekaa. Tunaandika siku 10.

Mwenye jengo akikwambia uongeze watu ili zipungue ziwe siku 5, hesabu ya karatasi itamkubalia: mafundi 6 na vibarua 8 wana nusu ya siku hizo. Ukuta hautamkubalia. Siku ya kwanza, mafundi sita hawawezi kupanga kona kwa pamoja, kwa sababu mraba hutafutwa na watu wawili wenye uzi na tepu, wengine wakisubiri. Kona nne na maungio mawili ya ukuta wa kati huinuliwa kwanza na mafundi wenye mkono mzuri, nao hao kwa kawaida ni wawili au watatu katika kikosi. Waliobaki hujaza katikati kwa kufuata uzi na hawawezi kuwatangulia. Mwishowe kanuni ya kimo inabaki pale pale, kwamba kipande kimoja cha ukuta hakifiki juu kwa siku moja hata kikizungukwa na watu ishirini. Kwa jengo la ukubwa huu, kwa maoni yangu, mafundi 4 na vibarua 6 ndio mwisho wa faida. Zaidi ya hapo unanunua saa za watu waliosimama.

Hatua ya tano: weka saa kwenye siku

Siku ya 1, mafundi wawili wanapanga kona na kulaza kozi ya kwanza, wa tatu anasimamisha fremu. Vibarua wana saa 20 za kazi hizo, na saa 12 zinazobaki wanazitumia kusogeza matofali karibu na kuta na kulowesha ya kesho. Siku ya 2 hadi ya 5 ni ukuta wa chini: saa 96 za mafundi kwa 24 kwa siku ni siku nne kamili. Vibarua kwa siku hizo nne wanahitaji 115 za kuhudumia na 10 za maji, jumla 125, na wanazo 128. Hapo hakuna nafasi ya kupumua, lakini inatosha.

Siku ya 6 ndipo ratiba inapobana, na wastani wa siku kumi haukukuonyesha hilo. Fundi mmoja anafunga jukwaa huku wawili wakianza ukuta wa juu pale lilipokwisha kufungwa. Saa 16 za hao wawili zinadai saa 21 za vibarua. Jukwaa linadai 24, maji 2.5. Hizo ni saa 48, na vibarua wanne wana 32 tu. Siku ya 7 hadi ya 9, mafundi watatu juu ya jukwaa wanadai saa 32 za vibarua kila siku, na ukiongeza maji zinakuwa 34.5. Kwa hiyo kikosi kilichotosha chini hakitoshi juu, ingawa jumla ilisema kinatosha.

Dawa yake ni kibarua wa tano kuanzia siku ya 5 hadi ya 9. Siku ya 5 anaanza kuleta miti na kufunga jukwaa, hivyo saa 8 za jukwaa zinakuwa zimetangulia. Siku ya 6 mahitaji yanashuka kutoka 48 hadi 40, na vibarua watano wana 40. Siku zinazofuata saa zake za ziada zinafagia mota iliyoanguka na kusogeza mbao. Hizo ni siku tano za malipo ya mtu mmoja, na zinawazuia mafundi watatu kusimama mikono mitupu. Siku ya 10 inabaki na saa chache tu za fundi, na hiyo ndiyo akiba ya ratiba. Ijumaa nayo inakula kidogo katika akiba hiyo, kwa kuwa kikosini nina watu wanaokwenda kuswali, na hilo huliandika mapema badala ya kulishangaa.

Sasa tafsiri siku za kazi ziwe tarehe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida, ambazo ni siku sita za saa 8. Ukianza Jumatatu, siku ya 10 inaangukia Alhamisi ya wiki ya pili. Mwezi wa Aprili, ambao ni katikati ya mvua ndefu, mimi hutoa siku moja kwa kila wiki, basi nitamwahidi mwenye jengo Jumamosi. Mvua haibadilishi kasi ya fundi bali huondoa saa kutoka kwenye kalenda, na ndiyo maana naiweka hapa na siyo kwenye saa 1.5. Huku kwetu mara nyingi hunyesha baada ya adhuhuri, kwa hiyo kazi ya ukuta wa juu iende asubuhi, na turubai liwe karibu na ukuta kabla wingu halijafika.

Hatua ya sita: kagua jioni ya siku ya 3

Kila jioni pima mita za mraba zilizosimama na uandike ni saa ngapi zimetumika. Kufikia jioni ya siku ya 3, mafundi wametumia saa 48 kwenye ukuta wa chini, na unatarajia mita za mraba 32. Tuseme umepima 26. Gawa 48 kwa 26: kasi halisi ni saa 1.85. Ikiendelea hivyo, mita 64 zitakula saa 118 badala ya 96. Ni saa 22 zaidi, karibu siku nzima ya mafundi watatu, na umelijua jambo hilo ukiwa na siku saba mbele yako.

Kabla ya kumlaumu yeyote, tazama nani amesimama. Nenda karibu saa 5 asubuhi, kaa nusu saa bila kusema neno. Mafundi wakiwa wamesimama na vibarua wanakimbia, upungufu uko kwa vibarua au kwenye umbali wa maji na mchanga. Ongeza mtu au sogeza sehemu ya kuchanganyia. Vibarua wakiwa wamekaa na mafundi wanagonga polepole, kagua matofali, kwani huenda shehena mpya imepinda kuliko ile uliyopimia. Wote wakiwa wamekaa, kitu kimekwisha: saruji, maji au mchanga, na hilo ni lako wewe msimamizi. Mara moja nilimkuta fundi mkuu ameketi juu ya karai. Akaniambia, "Mzee, kijana ameenda kisimani na majerikeni tangu saa 3, na foleni ni ndefu." Kasi ya mafundi ilikuwa sawa kabisa. Tulikodi mtu wa boda boda alete maji kabla ya saa 2, na kesho yake walijenga mita za mraba 17.

Ukishajua sababu, andika kasi mpya katika daftari pamoja na sababu yake, kisha hesabu upya siku zilizobaki na umjulishe seremala wa linta. Yeye anaweza kuanza kufunga mbao siku ya 9 kwenye ukuta wa nyuma uliokwisha kufika juu, lakini ikiwa tu umempa tarehe inayotokana na mita ulizopima jana jioni.